Duka lina wateja lakini mtaji unapungua: namna ya kuligundua na kuliokoa

Wafanyabiashara wengi wa rejareja hupima afya ya duka kwa kuangalia droo. Jioni fedha zikiwemo, biashara inakwenda. Zisipokuwemo, soko limekuwa gumu. Kipimo hicho ndicho kinachoyaua maduka mengi, kwa sababu droo inaweza kuwa na kiasi kilekile kwa miezi mitatu mfululizo huku mtaji ukipungua kila siku na mwenye duka asione. Anapokuja kushtuka, rafu zina mapengo, wauzaji wa jumla wanapiga simu, na daftari la mikopo limejaa majina ya watu ambao siku hizi wanapita upande wa pili wa barabara.

Mfano unaofuata ni wa duka la vyakula na mahitaji ya nyumbani katika mtaa wa makazi wa Dar es Salaam. Tarakimu ni za mfano, lakini zimepangwa kama zinavyoonekana katika maduka ya kiasi hicho, na kila mwenye duka anaweza kuzifuta na kuweka zake. Duka lina wasaidizi wawili, fremu ya kupanga na friji mbili. Linauza wastani wa Sh. 400,000 kwa siku, yaani Sh. 12,000,000 kwa mwezi. Mwenyewe anaamini anapata asilimia 20 kwa kila anachouza. Gharama zake za mwezi ni kodi ya fremu Sh. 400,000, mishahara Sh. 400,000, umeme Sh. 150,000, usafiri wa mizigo Sh. 180,000, mlinzi na vifungashio Sh. 120,000, na leseni, ushuru na kodi ya serikali kwa wastani wa Sh. 150,000. Jumla ni Sh. 1,400,000.

Kwa hesabu ya kichwani, asilimia 20 ya milioni 12 ni Sh. 2,400,000. Ukitoa gharama, inabaki Sh. 1,000,000 ya faida. Ndiyo maana mwenye duka haoni vibaya kuchukua Sh. 500,000 kwa mwezi kwa matumizi ya nyumbani, pamoja na unga, mafuta, sukari na sabuni vya kama Sh. 250,000 ambavyo watoto hutumwa kuvifuata dukani. Kwa hesabu hiyo duka lilipaswa kuwa linakua kwa robo milioni kila mwezi. Lakini linapungua.

Kosa la kwanza liko kwenye asilimia yenyewe. Mwenye duka anaongeza asilimia 20 juu ya bei ya kununulia. Kitu cha Sh. 1,000 anakiuza Sh. 1,200. Faida ni Sh. 200, lakini katika kila Sh. 1,200 inayoingia kwenye droo, Sh. 200 ni asilimia 16.7 tu, si 20. Kwa mauzo ya Sh. 12,000,000, faida ghafi ni Sh. 2,000,000. Sh. 400,000 zimetoweka kwenye karatasi kabla hata mwizi hajaingia. Baada ya gharama inabaki Sh. 600,000, na nyumba inachukua Sh. 750,000. Kwa maana hiyo, hata kama kila kitu kingekwenda kama mwenyewe anavyodhani, duka lingekuwa linakula mtaji wake kwa Sh. 150,000 kila mwezi. Na si kila kitu kinakwenda hivyo.

SIKU YA KUHESABU MALI

Hakuna njia ya kujua hali halisi ya duka bila kufunga milango kwa siku moja na kuhesabu kila kilichomo. Wengi hawaipendi kazi hii, na wasaidizi huipenda kidogo zaidi. Kila kitu huhesabiwa kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia. Gunia lililofunguliwa hupimwa kwenye mizani. Kilichokwisha muda wake hakihesabiwi kabisa, kwa sababu hakina thamani. Kisha zinaandikwa fedha taslimu zilizopo, madeni ya wateja, na madeni ya wauzaji wa jumla. Baada ya miezi mitatu kazi hurudiwa. Maduka yenye uwakala wa fedha za simu lazima yahesabu pia salio la simu na fedha za uwakala kwa pembeni, la sivyo mtaji wa uwakala utaonekana kama mtaji wa duka. Duka la mfano halina uwakala.

Hesabu ya kwanza ilikuwa hivi: mali dukani na stoo Sh. 14,000,000, wateja wanadaiwa Sh. 900,000, fedha taslimu Sh. 600,000, wauzaji wa jumla wanadai Sh. 1,500,000. Ukijumlisha vitatu vya kwanza na kutoa cha mwisho, mtaji wa mwenye duka ni Sh. 14,000,000.

Baada ya miezi mitatu: mali Sh. 11,200,000; wateja wanadaiwa Sh. 2,300,000; fedha taslimu Sh. 600,000 zilezile, wauzaji wa jumla wanadai Sh. 2,300,000. Mtaji umebaki Sh. 11,800,000. Sh. 2,200,000 zimekwenda.

Fedha taslimu hazikupungua hata senti. Mwenye duka aliyekuwa akiangalia droo peke yake hakuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi. Droo ilijazwa na vitu viwili: mali iliyouzwa bila kurudishiwa nyingine kwenye rafu, na mali iliyochukuliwa kwa wauzaji wa jumla bila kulipwa. Hii ndiyo dalili ya uhakika ya duka linalokufa polepole, yaani fedha zilezile, rafu nyepesi zaidi, na madeni yanayokua pande zote mbili.

Sasa inatafutwa faida ghafi ya kweli. Manunuzi ya miezi mitatu yalikuwa Sh. 29,700,000. Mali ya mwanzo Sh. 14,000,000 ukijumlisha manunuzi, kisha ukatoa mali iliyobaki Sh. 11,200,000, unapata kwamba mali ya Sh. 32,500,000 ilitoka dukani. Mauzo yaliyoandikwa ni Sh. 36,000,000. Faida ghafi ni Sh. 3,500,000 badala ya Sh. 6,000,000 zilizotarajiwa. Pengo ni Sh. 2,500,000, na kazi ya anayetaka kuliokoa duka ni kulipa pengo hilo majina.

PENGO LIMETOKA WAPI

Sehemu ya kwanza ni rahisi. Vitu vilivyokwenda nyumbani bila kuandikwa ni Sh. 750,000. Hiyo si hasara ya duka, ni matumizi ya mwenyewe, lakini kwa kuwa haikuandikwa inaonekana kama wizi. Kuna wasaidizi waliofukuzwa kazi kwa sababu ya unga ulioliwa na watoto wa bosi.

Sehemu ya pili, Sh. 1,000,000, iko kwenye bei za vyakula vinavyokwenda haraka. Nusu ya mauzo ya duka hili ni sukari, unga, mchele na mafuta ya kula. Kwa bidhaa hizo mwenye duka hapangi bei. Inapangwa na mtaa. Duka la jirani likiuza sukari Sh. 3,000 kwa kilo, naye atauza Sh. 3,000. Kama gunia la kilo 50 linamgharimu Sh. 135,000, mauzo yake ni Sh. 150,000 na nyongeza ni Sh. 15,000, kama asilimia 11. Ili apate asilimia 20 angelazimika kuuza Sh. 3,240, na mteja asingerudi. Ukichanganya bidhaa zote za kundi hilo, nyongeza halisi ilikuwa asilimia 12.5. Mwenye duka alikuwa akijihesabia faida ambayo soko halikuwa tayari kumpa.

Hali huwa mbaya zaidi bei ya jumla inapopanda ghafla. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika nchini baada ya mvua kubwa kuvuruga uzalishaji viwandani, wenye maduka wengi waliuza magunia waliyokuwa nayo kwa bei ya zamani na kufurahia jinsi yalivyokwisha haraka. Walipokwenda kwa muuzaji wa jumla, fedha za gunia zima hazikutosha kununua jingine. Kwenye bidhaa za namna hiyo, bei inayofaa kuangaliwa ni ile ambayo gunia lijalo litanunuliwa, siyo ile iliyolipwa kwa gunia lililopo. Hata hivyo serikali inapotangaza bei kikomo, kama ilivyofanya wakati ule kwa sukari, nafasi ya kupandisha inakuwa finyu, na mwenye mtaji mdogo afadhali anunue kidogo kidogo kuliko kujifunga na magunia ya bei ya juu ambayo kesho itashuka.

Sehemu ya tatu, Sh. 300,000, ni mali iliyoharibika: biskuti zilizopitwa na muda, unga uliotobolewa na panya, chupa zilizovunjika, maziwa yaliyochacha umeme ulipokatika. Ilitupwa bila kuandikwa popote.

Zinabaki Sh. 450,000 zisizo na maelezo. Hapa ndipo wengi hukimbilia neno wizi. Inawezekana ni wizi, lakini mizani hutangulia kukaguliwa. Gunia la sukari la kilo 50 linatakiwa kutoa robo 200. Msaidizi akiwa na haraka akazidisha gramu 10 tu kwenye kila robo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, gunia litatoa robo 192. Robo nane ni kilo mbili, na kilo mbili ni Sh. 6,000. Faida ya gunia iliyokuwa Sh. 15,000 imekuwa Sh. 9,000, na bado hazijatolewa fedha za mifuko ya kufungia. Hakuna aliyeiba, ila asilimia 40 ya faida ya gunia imeondoka na wateja.

Namna ya kutenganisha mizani na mkono ni kupima bidhaa za aina mbili. Kwa muda wa wiki mbili, gunia moja la sukari linauzwa na fedha zake kuwekwa kwenye kopo lake, na wakati huohuo vitu visivyopimwa, kama vipande vya sabuni, betri na viberiti, vinahesabiwa kila asubuhi na kila jioni. Ikiwa sukari inapungua lakini sabuni iko sawa, tatizo ni mizani au mkono mwepesi wa kuchota. Ikiwa sabuni nayo inapungua, mtu anachukua, au mauzo hayaandikwi yote. Ikiwa vinapungua siku fulani tu za wiki, au saa fulani, jibu limekaribia bila kumshutumu mtu.

Pengo limekwisha kuelezwa. Ukirudisha Sh. 750,000 za nyumbani mahali pake, faida ghafi ya kweli ya duka ni Sh. 4,250,000, yaani asilimia 11.8 ya mauzo. Gharama za miezi mitatu ni Sh. 4,200,000. Duka, baada ya siku tisini za kufungua alfajiri na kufunga usiku, limetengeneza Sh. 50,000. Nyumba imechukua Sh. 2,250,000. Tofauti ya Sh. 2,200,000 ndiyo ile iliyopotea kwenye mtaji. Hesabu imefunga.

Kuna jambo moja ambalo halionekani kwenye pengo hilo. Katika mali ya Sh. 11,200,000 iliyohesabiwa, Sh. 2,400,000 ni vitu vilivyolala: ndoo na beseni, madaftari yaliyobaki tangu shule zilipofunguliwa, vipodozi ambavyo mtaa umeshaviacha. Mwenyewe anavipenda kwa sababu vina faida kubwa. Ndoo aliyoinunua Sh. 100,000 kwa dazeni inauzwa kwa nyongeza ya asilimia 40. Lakini ikichukua miezi minane kwisha, Sh. 40,000 hizo ni Sh. 5,000 kwa mwezi. Sh. 100,000 hiyohiyo ikiwekwa kwenye sukari inayokwisha kila wiki, kwa nyongeza ya asilimia 10 tu, inaleta Sh. 40,000 kwa mwezi. Duka linakosa unga Jumamosi jioni, siku ambayo wateja wana fedha, kwa sababu fedha ya unga imekaa kwenye ndoo.

Maduka makubwa nayo hufa kwa njia hiyohiyo, tofauti ni ukubwa wa tarakimu. Uchumi, mtandao wa maduka wa Kenya, ulifungwa Juni 2006 kwa kulemewa na madeni, ukafunguliwa tena mwezi uliofuata ukiwa chini ya mrasimu, na mwaka 2011 hisa zake zikarudi kuuzwa Soko la Hisa la Nairobi. Ilionekana kama hadithi ya kufufuka. Lakini madeni ya wanaoleta bidhaa yaliongezeka tena, na Oktoba 2015 Uchumi ikafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Nakumatt ilifuata njia hiyo, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifilisiwe. Mwekezaji mdogo aliyekuwa akitembelea maduka hayo hakuhitaji kusubiri taarifa ya hesabu. Rafu zilizopangwa bidhaa ya aina moja ili kuficha mapengo zilikuwa zinasema kwamba wanaoleta bidhaa wameacha kuleta.

KULIREKEBISHA

Mpango wa duka la mfano ni wa majuma kumi na mawili, na unaanza na fedha kabla ya faida. Duka halina nguvu ya kusubiri bei mpya zilete matunda. Linahitaji unga kwenye rafu wiki hii.

Mali iliyolala ya Sh. 2,400,000 inatolewa nje ya mlango na kuuzwa kwa asilimia 30 chini ya bei ya kununulia. Inaumiza, lakini inaleta Sh. 1,680,000. Sh. 720,000 zinazoonekana kupotea zilikwisha kupotea siku ndoo ya mwisho ilipokosa mnunuzi. Mauzo haya yanaziandika tu. Vinavyobaki baada ya majuma matatu vinapelekwa gulioni au kupewa mchuuzi kwa bei atakayotaja.

Daftari la mikopo linagawanywa kwa tarehe. Waliolipa chochote katika siku 30 zilizopita ni wateja. Wanaendelea, ila kila mmoja anawekewa kikomo, kwa mfano Sh. 20,000, na hapati kingine kabla hajalipa cha kwanza. Wengine wanafungiwa mkopo mara moja na kufuatwa nyumbani kwa adabu, na kila mmoja anaombwa aseme mwenyewe atalipa kiasi gani kila wiki. Aliyeahidi Sh. 2,000 kwa wiki na akaitoa ana thamani kuliko aliyeahidi kumaliza yote mwisho wa mwezi. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivi: mteja anayedaiwa na asiye na utaratibu wa kulipa huona haya, huanza kununua kwa jirani, tena kwa fedha taslimu. Duka limepoteza deni na mauzo pia. Katika Sh. 2,300,000, kutegemea nusu, yaani Sh. 1,150,000, ni busara. Zaidi ya hapo ni bahati.

Jumla inakuwa Sh. 2,830,000. Sh. 800,000 zinakwenda kwa wauzaji wa jumla, na namna ya kuzipeleka ina uzito kuliko kiasi chenyewe. Mwenye duka anayekwenda mwenyewe na sehemu ya deni, akataja siku ya kulipa sehemu ijayo, na papohapo akanunua mzigo mwingine kwa fedha taslimu, huendelea kupewa bei nzuri. Anayezima simu hupelekewa mtu. Sh. 2,030,000 zinazobaki zinanunua vyakula na sabuni peke yake, vitu vinavyokwisha ndani ya wiki moja au mbili.

Kishawishi kikubwa wakati huu ni mkopo wa haraka wa mtaani, ule unaoitwa kausha damu. Mfano wa Sh. 1,000,000 inayorudishwa Sh. 1,300,000 kwa mwezi unatosha kuonyesha ubaya wake hapa. Kwa faida ghafi ya asilimia 11.8, duka lazima liuze zaidi ya Sh. 2,500,000 juu ya mauzo yake ya kawaida ili kupata Sh. 300,000 za riba pekee. Duka lisilojua linavuja wapi likipewa fedha za namna hiyo, litazivujisha hizo pia.

Bei ndizo zinazofuata. Sukari, unga, mchele na mafuta vinaachwa kwenye bei ya mtaa, asilimia 12.5 kwa wastani, kwa sababu hivyo ndivyo mteja anavyotumia kulilinganisha duka na jirani. Nusu nyingine ya mauzo, vitu ambavyo mteja haulizi bei yake kwa maduka matatu, kama viungo, betri, viberiti, nyuzi, dawa ya mbu na vipimo vidogo vya mafuta ya kujipaka, inapandishwa polepole kutoka asilimia 20 hadi 25. Mizani inakaguliwa, na robo zinafungwa mapema asubuhi wakati hakuna wateja badala ya kuchotwa kwa haraka jioni. Kila kinachotupwa kinaandikwa, na kila kinachokwenda nyumbani kinaandikwa. Upotevu ukipungua kwa nusu tu, faida ghafi inafikia kama asilimia 14.5 ya mauzo. Wanaoahidi asilimia 20 kwa duka la vyakula la mtaani hawajawahi kuuza sukari.

Upande wa gharama kuna maamuzi mawili madogo na moja chungu. Friji ya zamani inazimwa na soda zote kuhamia kwenye moja, umeme unashuka hadi Sh. 100,000. Mizigo inachukuliwa kwa gari moja na duka jirani mara mbili kwa wiki, usafiri unakuwa Sh. 130,000. Lililo chungu ni msaidizi wa pili. Kwa mauzo haya wasaidizi wawili pamoja na mwenye duka asiyekaa dukani ni gharama isiyolipika. Ama mwenyewe akae kuanzia saa kumi jioni hadi kufunga, saa ambazo nusu ya fedha ya siku huingia, na msaidizi mmoja aondoke akiwa amelipwa haki zake zote, ama nyumba ipunguze matumizi yake kwa kiasi kilekile cha mshahara huo. Njia ya tatu haipo. Mwenye duka akikaa mwenyewe, gharama zinakuwa Sh. 1,100,000.

Mauzo nayo yatashuka mikopo ikifungwa, na mpango usiotaja hilo unadanganya. Yakiwa Sh. 11,000,000 kwa mwezi, faida ghafi ya asilimia 14.5 ni Sh. 1,595,000. Baada ya gharama inabaki Sh. 495,000. Nyumba inapangiwa Sh. 400,000, vitu vya dukani vikiwa ndani ya kiasi hicho, na Sh. 95,000 inarudi kwenye rafu. Ni kidogo. Kwa mwendo huo mtaji uliopotea kwa miezi mitatu utachukua karibu miaka miwili kurudi, na ni vizuri familia ikaambiwa hivyo mapema kuliko kuahidiwa neema ya Sikukuu.

LINI KUACHA

Kutokana na tarakimu hizo duka sasa lina mistari miwili ya kuandikwa ukutani nyuma ya kaunta. Gharama za Sh. 1,100,000 zikigawanywa kwa asilimia 14.5 zinadai mauzo ya kama Sh. 7,590,000 kwa mwezi, karibu Sh. 253,000 kwa siku. Chini ya hapo duka halijilipii lenyewe. Ukiongeza Sh. 400,000 za nyumba, mauzo yanayotakiwa ni kama Sh. 10,350,000, yaani Sh. 345,000 kwa siku. Kati ya mistari hiyo miwili duka linaishi lakini familia inakula mtaji.

Wastani unachukuliwa kwa mwezi mzima, siyo kwa wiki, kwa sababu wiki ya mishahara na wiki ya tarehe 20 hazifanani. Hesabu ya mali inarudiwa kila mwezi katika kipindi hiki, angalau kwa bidhaa thelathini zinazobeba mauzo mengi. Ikiwa faida ghafi imepanda hadi asilimia 14 lakini mauzo hayafiki Sh. 345,000, kazi iliyobaki ni ya wateja na aina ya bidhaa. Ikiwa mauzo yapo lakini faida ghafi imeganda kwenye asilimia 12, bado kuna mahali panavuja na haikupatikana siku ya kwanza.

Ikiwa baada ya majuma manane wastani uko chini ya Sh. 253,000, huenda duka halina ugonjwa unaotibika kwa daftari. Kituo cha daladala kimehama, duka kubwa limefunguliwa mita mia mbili kutoka hapo, au mtaa una maduka saba ya namna moja. Mwenye mali ya milioni tisa anaweza kufunga akawalipa wauzaji wa jumla wote, akabaki na mtaji wa kuanzia pengine, na akapata kilemba kwa anayetaka fremu. Akisubiri hadi ibaki milioni tatu, madeni yatachukua karibu yote. Katika duka la mfano kodi ya fremu hulipwa kila miezi mitatu, Sh. 1,200,000 kwa mkupuo, kwa hiyo hesabu ya majuma manane lazima iwe mezani kabla ya fedha hizo kuhesabiwa mbele ya mwenye nyumba.